Gigahezi 7.5 au 18 kwa mruko wa kilomita 24: bajeti zinazolingana, viungo visivyolingana

Mtu anayepanga kiungo cha mikrowevu kati ya minara miwili kwa kawaida hupewa umbali, kiasi cha data kinachotakiwa kupita na orodha ya redio zinazopatikana, kisha huulizwa swali moja: tutumie masafa gani na dishi za ukubwa gani? Jibu hutafutwa katika bajeti ya kiungo, yaani hesabu inayoanza na nguvu inayotoka kwenye redio, ikajumlisha geini za antena mbili, ikatoa kila kinachopotea njiani, na kuishia na kiwango kinachofika kwenye kipokezi cha upande wa pili. Tofauti kati ya kiwango hicho na kizingiti ambacho chini yake kipokezi hakisomi tena ndiyo akiba ya kufifia, na ndiyo tarakimu ambayo watu wengi huitazama wakaridhika.

Ulinganisho huu unahusu kutoridhika mapema. Nitalinganisha machaguo matatu kwa mruko mmoja wa kilomita 24 kwenye ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki, mahali penye hewa nzito yenye mvuke na mvua kali za masika. Chaguo A ni gigahezi 7.5 kwa dishi za mita 1.2, chaguo B ni gigahezi 18 kwa dishi za ukubwa huohuo, na chaguo C ni gigahezi 18 kwa dishi ndogo za mita 0.6, ambazo ni nyepesi mnarani na rahisi kupandisha. Yote matatu yanatumia chaneli ya megahezi 28 na modulesheni ya 256-QAM, ambayo hupitisha kama megabiti 180 kwa sekunde. Tarakimu za nguvu na vizingiti nilizotumia ni za kawaida kwa redio za aina hii, lakini unapofanya kazi yako chukua za karatasi ya redio uliyonayo mkononi.

Hesabu ya siku ya hewa tulivu

Fomula mbili zinabeba sehemu kubwa ya kazi. Ya kwanza inatoa upotevu wa anga huru, na ya pili inatoa geini ya dishi yenye ufanisi wa asilimia 55, ambao ni wa kawaida kwa dishi za kiwandani:

```
L = 92.45 + 20 log10(d) + 20 log10(f)
G = 17.8 + 20 log10(D) + 20 log10(f)
```

Hapa `d` ni umbali kwa kilomita, `f` ni masafa kwa gigahezi, na `D` ni kipenyo cha dishi kwa mita. Kwa kilomita 24, upotevu wa anga huru ni dB 137.6 katika gigahezi 7.5 na dB 145.2 katika gigahezi 18. Dishi ya mita 1.2 ina geini ya dBi 36.9 katika masafa ya chini na dBi 44.5 katika masafa ya juu, na dishi ya mita 0.6 katika gigahezi 18 ina dBi 38.5.

| | A: GHz 7.5, m 1.2 | B: GHz 18, m 1.2 | C: GHz 18, m 0.6 |
|---|---|---|---|
| Nguvu ya kutuma (dBm) | 25.0 | 20.0 | 20.0 |
| Geini za antena mbili (dB) | 73.8 | 89.0 | 77.0 |
| Upotevu wa anga huru (dB) | 137.6 | 145.2 | 145.2 |
| Upotevu wa hewa na mvuke (dB) | 0.3 | 3.0 | 3.0 |
| Viunganishi, ncha zote mbili (dB) | 1.0 | 1.0 | 1.0 |
| Kiwango kinachopokewa (dBm) | −40.1 | −40.2 | −52.2 |
| Kizingiti cha 256-QAM (dBm) | −68.0 | −67.0 | −67.0 |
| Akiba ya kufifia (dB) | 27.9 | 26.8 | 14.8 |

Tazama safu za A na B. Kiwango kinachopokewa kinatofautiana kwa sehemu moja ya kumi ya desibeli, na akiba inatofautiana kwa desibeli moja tu. Kulingana huku kuna sababu. Masafa yanapopanda kutoka 7.5 hadi 18, upotevu wa njia unaongezeka kwa dB 7.6, lakini dishi ya ukubwa uleule inaongeza dB 7.6 kila upande, kwa hiyo mruko mzima unabaki na faida ya dB 7.6. Faida hiyo inaliwa kwa njia mbili: redio za gigahezi 18 hutuma kwa nguvu ndogo zaidi, hapa dB 5, na mvuke wa maji, ambao una kilele cha ufyonzaji karibu na gigahezi 22.2, unachukua karibu dB 3 katika hewa ya pwani. Hapo mizani inarudi sawa. Anayesema kwamba masafa ya juu hayafiki mbali kwa sababu upotevu wa anga huru ni mkubwa anasahau kwamba upande wa pili wa mizani kuna dishi mbili, na kwamba katika siku tulivu dishi hizo zinalipa deni lote.

Kwenye hesabu hii kuna mtego mmoja ambao nimeukuta katika bajeti nyingi nilizopitia. Redio ya kisasa haina nguvu moja ya kutuma. Ina jedwali, na kadiri modulesheni inavyokuwa nzito ndivyo nguvu inavyoshushwa ili mawimbi yasipotoshwe na kikuzaji. Redio ya chaguo A inayotuma dBm 25 kwa 256-QAM inaweza kutuma dBm 28 kwa QPSK, modulesheni nyepesi, na ukurasa wa kwanza wa karatasi yake mara nyingi huandika hiyo kubwa. Ukichukua nguvu ya QPSK ukaiweka pamoja na kizingiti cha 256-QAM, umejipa dB 3 ambazo hazipo. Vilevile, kama kiungo kitakuwa na redio mbili kila mnara, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri kwenye dishi ileile, kigawanyishi kinachoziunganisha kinapoteza nguvu, na kwa kile kisichogawa sawasawa redio ya akiba inaweza kupoteza zaidi ya dB 6 kila ncha. Bajeti iandikwe kwa hali hiyo mbaya, kwa kuwa redio ya akiba itaingia kazini siku ambayo mambo mengine nayo hayako sawa.

Akiba inaliwa na vitu viwili tofauti

Mtu akiishia kwenye jedwali lile atasema A na B ni sawa, kisha atachagua kwa bei au kwa urahisi wa leseni. Lakini akiba ya desibeli 27 haina maana mpaka ujue inakwenda kutumika dhidi ya nini. Kwenye mruko wa namna hii kuna maadui wawili wakubwa, na tabia zao hazifanani hata kidogo.

Wa kwanza ni ufifiaji wa njia nyingi. Usiku na alfajiri, upepo unapotulia na hewa kujipanga tabaka juu ya tabaka, wimbi moja linafika kwenye dishi kwa njia zaidi ya moja, na zile nakala zikikutana zinaweza kufutana. Kufifia kwa aina hii ni kwa muda mfupi, mara nyingi sekunde chache, na kunaweza kuwa kwa kina kirefu sana. Kwa makadirio ya haraka, fomula ya Barnett na Vigants, iliyotokana na vipimo vya Marekani vilivyochapishwa miaka ya 1970, bado inafaa:

```
P = 6e-7 * c * f * d^3 * 10^(-A/10)
```

`P` ni sehemu ya mwezi mbaya kuliko yote ambayo kiungo kitakuwa chini ya kizingiti, `A` ni akiba, na `c` ni kigezo cha mazingira: 1 kwa ardhi ya kawaida, 4 kwa maji na pwani yenye unyevu, na robo kwa milima na ukame. Kwa pwani nimechukua 4. Chaguo A linatoa 0.0004, yaani kama dakika 17 katika mwezi mbaya. Chaguo B linatoa kama dakika 54, kwa sababu masafa yapo moja kwa moja ndani ya fomula na akiba yake ni ndogo kidogo. Angalia pia kwamba umbali umepandishwa kwa kipeo cha tatu: ukipunguza mruko kwa nusu, kukatika kwa sababu hii kunapungua mara nane hata kabla ya kuhesabu akiba inayoongezeka.

Wa pili ni mvua. Mvua haifanyi mawimbi yafutane. Matone yanafyonza na kutawanya nguvu, na yanafanya hivyo zaidi masafa yanapopanda, kwa sababu urefu wa wimbi unakaribia ukubwa wa tone. Kipimo kinachotumika ni kasi ya mvua inayopitwa kwa asilimia 0.01 ya mwaka, yaani kwa jumla ya dakika 53 hivi. Kwa mfano huu nimechukua milimita 80 kwa saa. Kasi ya mahali pako utaipata kwenye ramani za kidijitali za pendekezo P.837 la ITU-R, kitengo cha redio cha Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano. Kwa kasi hiyo, vigezo vya ITU-R P.838 vinatoa upotevu wa dB 6.2 kwa kila kilomita katika gigahezi 18 kwa polaraizesheni ya wima, na dB 8.1 kwa mlalo. Katika gigahezi 7.5, wima, ni kama dB 1.2 tu. Tofauti ile ya wima na mlalo inatokana na umbo la matone makubwa, ambayo hubonyea na kuwa mapana yanapoanguka, na ndiyo maana katika mvua kali mtu hachagui mlalo ila kwa sababu ya kuepuka mwingiliano.

Mvua kali haifuniki kilomita 24 zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo umbali unapunguzwa kuwa umbali halisi wa mvua. Fomula ya sasa ya ITU-R P.530 inatoa kama kilomita 10 kwa gigahezi 18 na 9 kwa gigahezi 7.5. Zidisha, na upotevu wa asilimia 0.01 unakuwa karibu dB 63 kwa gigahezi 18 na karibu dB 11 kwa gigahezi 7.5. Matoleo ya zamani ya fomula hiyo yalitoa umbali wa kama kilomita 7, na hata kwa hayo upotevu katika gigahezi 18 ungekuwa kama dB 45.

Sasa weka tarakimu hizo mbele ya akiba. Chaguo A lina dB 27.9 dhidi ya dB 11, kwa hiyo mvua karibu inatoka kabisa kwenye hesabu yake. Chaguo B lina dB 26.8 dhidi ya dB 63. Kwa kutumia mizani ya P.530 inayohusisha upotevu na asilimia za muda, akiba ya dB 26.8 inapitwa kwa kama asilimia 0.08 ya mwaka, ambayo ni karibu saa 7. Chaguo C, lenye dB 14.8, linapitwa kwa kama asilimia 0.25, yaani karibu saa 22 kwa mwaka. Viungo A na B, vilivyokuwa sawa kwenye jedwali, sasa vimeachana kwa saa kadhaa kila mwaka, na saa hizo hazitasambaa sawasawa: zitarundikana kwenye masika na vuli, mara nyingi kwa vipindi vya dakika kumi au ishirini mfululizo, wakati ambapo watu wanauhitaji mtandao.

Tahadhari moja kabla ya kujumlisha. Dakika za njia nyingi zimehesabiwa kwa mwezi mbaya kuliko yote, na saa za mvua zimehesabiwa kwa mwaka mzima, kwa hiyo haifai kuziongeza moja kwa nyingine kama zilivyo. Wapo wanaofanya hivyo, kisha wanashangaa kwa nini ahadi waliyompa mteja haiendani na kumbukumbu za redio.

Desibeli ya ziada ina thamani gani?

Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa, na ndipo ningependa msomaji atue kwa muda. Ukigundua kwamba kiungo hakifikii lengo, jibu la kwanza linalokuja ni kuongeza akiba: dishi kubwa zaidi, redio yenye nguvu zaidi, au modulesheni nyepesi zaidi. Dhidi ya njia nyingi jibu hilo ni zuri sana, kwa sababu kila dB 10 za akiba zinapunguza kukatika mara kumi. Dhidi ya mvua katika gigahezi 18, desibeli hizohizo hazinunui kitu kikubwa.

Chukua modulesheni inayojirekebisha, ambayo karibu kila redio ya sasa inayo. Hali inapoharibika, redio inashuka kutoka 256-QAM hadi QPSK, nguvu ya kutuma inapanda kidogo, dB 3 kwa A na dB 2 kwa B, na kizingiti kinashuka sana. Kwa redio ya chaguo A kizingiti cha QPSK ni kama dBm −87, na kwa ile ya B ni kama dBm −86. Jumla yake ni akiba ya ziada ya dB 22 kwa A na dB 21 kwa B. Kwa chaguo A, dakika zile 17 za mwezi mbaya zinapungua mara zaidi ya 150 na kuwa sekunde 7 hivi za kukatika kabisa. Muda uliobaki kiungo kinapita kwa data kidogo, lakini kinapita. Kwa chaguo B, dB 21 zinashusha kukatika kwa mvua kutoka karibu saa 7 hadi chini kidogo ya saa 2 kwa mwaka. Ni karibu desibeli zilezile, lakini upande mmoja zimepunguza tatizo mara mia na hamsini na upande mwingine mara nne. Na ndani ya muda huo wa mvua, kiungo cha B kikiwa QPSK kinapitisha kama robo tu ya data iliyoahidiwa.

Au jaribu kwa dishi. Kwa chaguo A, kutoka mita 1.2 hadi mita 1.8 kunaongeza dB 3.5 kila upande, jumla dB 7, na dakika 17 zinakuwa dakika 3 na nusu. Hilo ni jambo la maana, kwa kuwa lengo la asilimia 99.99 kwa mwezi linaruhusu dakika 4.3 tu, na chaguo A la mita 1.2, likipimwa kwa 256-QAM peke yake, halilifikii. Kwa chaguo B, ukitaka kuziba pengo lote kati ya dB 26.8 na dB 63 kwa dishi peke yake, utahitaji dB 18 zaidi kila upande, maana yake dishi yenye kipenyo mara nane, mita 9.6. Hakuna mnara wa kawaida wa simu utakaobeba kitu hicho, na hata ungeubeba, mwale wake ungekuwa mwembamba kiasi kwamba upepo wa kawaida ungeutoa kwenye shabaha.

Suala la mwale lina uzito hata kwa ukubwa wa kawaida. Dishi ya mita 1.2 ina mwale wa kama nyuzi 2.3 katika gigahezi 7.5, lakini wa kama nyuzi 1 tu katika gigahezi 18. Mnara au kishikio kikijipinda nusu ya digrii, chaguo A linapoteza chini ya dB 1, ilhali chaguo B linapoteza dB 3 kwa ncha hiyo moja. Nguzo nyembamba iliyofungwa kwa nyaya, ambayo ingetosha kwa A, inaweza isitoshe kwa B ingawa dishi zina ukubwa na uzito uleule.

Gigahezi 18 inapostahili

Nisingependa ieleweke kwamba gigahezi 18 ni masafa mabaya. Kwa mvua hiyohiyo na redio hizohizo, nimerudia hesabu kwa umbali mfupi zaidi. Kwa kilomita 6, dishi za mita 0.6 zinatoa akiba ya dB 29, na mvua ya asilimia 0.01 inachukua dB 25, kwa hiyo lengo linafikiwa kwa vifaa vidogo na vya bei nafuu. Kwa kilomita 8 dishi hizo hazitoshi tena: akiba ni dB 26 na mvua inataka dB 30. Ukiweka za mita 1.2 unafika kilomita 10, lakini hapo akiba na mahitaji ya mvua vinakaribiana kwa chini ya desibeli moja. Katika kilomita 12 hata hizo zinashindwa.

Maana yake ni kwamba anayelazimika kutumia gigahezi 18 kwa njia yetu ya kilomita 24 hawezi kuikata katikati akaridhika; vipande viwili vya kilomita 12 bado havifiki. Anahitaji vipande vitatu vya kilomita 8 vyenye dishi za mita 1.2, yaani minara miwili ya ziada yenye umeme, ulinzi na barabara ya kuifikia. Kama minara hiyo ipo tayari kwa kazi nyingine, hili ni suluhisho zuri, na lina faida ambayo A hana: katika gigahezi 18 ni rahisi kupata chaneli pana ya megahezi 55 au 110, wakati katika gigahezi 7 na 8 chaneli nyingi zina megahezi 28 na mara nyingi zimeshajaa. Kumbuka tu kwamba kila unapopanua chaneli maradufu, kelele inayoingia kwenye kipokezi inaongezeka kwa dB 3 na akiba inapungua kwa kiasi hichohicho.

Upande wa leseni, chaguo A linaweza kukwama kabla ya hesabu yoyote. Masafa ya gigahezi 7 na 8 yanatafutwa na kila mtu mwenye miruko mirefu, na ni mamlaka ya nchi, kama TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, inayosema kama chaneli ipo kwenye njia yako. Ombi la chaneli lipelekwe kabla ya dishi kuagizwa.

Uwazi wa njia

Bajeti zote hapo juu zinadhani kwamba hakuna kinachogusa mwale. Katikati ya mruko wa kilomita 24, kimo cha ukanda wa kwanza wa Freneli, yaani eneo linalozunguka mstari kati ya dishi mbili ambamo wimbi linasafiri, ni mita 15.5 kwa gigahezi 7.5 na mita 10 kwa gigahezi 18. Asilimia 60 ya kimo hicho ndiyo inayotakiwa kuwa wazi, kwa hiyo A inahitaji mita 9.3 na B mita 6. Juu ya hapo ongeza mwinuko wa dunia, mita 8.5 katika hali ya kawaida ya hewa, na karibu mita 17 hewa inapokunja mawimbi vibaya. Tofauti ya A na B hapa ni mita 3 tu, na haibadilishi uchaguzi isipokuwa pale ambapo msitu wa mikoko au minazi unafika karibu kabisa na mstari. Kama njia inapita juu ya maji ya ghuba, jihadhari na jambo jingine: mwangwi unaotoka kwenye uso wa maji ni mkali na wa kudumu, na suluhisho lake ni kupanga kimo cha dishi, moja juu na nyingine chini, ili sehemu ya kuakisia iangukie kwenye nchi kavu yenye miti, au kuweka dishi ya pili ya kupokea chini ya ya kwanza kwenye mnara uleule. Kuongeza desibeli peke yake hakutoshi, kwa sababu nakala ya wimbi inayochelewa inapotosha chaneli nzima hata pale ambapo kiwango kinachopokewa bado kinaonekana kizuri.

Uchaguzi, na namna ya kuuthibitisha mnarani

Kwa njia hii ya kilomita 24 pwani, ningechagua gigahezi 7.5, polaraizesheni ya wima, modulesheni inayojirekebisha ikiwa imewashwa, na dishi za mita 1.8 kama mkataba unadai asilimia 99.99 kwa data kamili, au za mita 1.2 kama kushuka kwa kasi kwa dakika chache za alfajiri kunakubalika. Dishi ya mita 1.8 ina eneo mara 2.25 ya ile ya mita 1.2 na inakamata upepo kwa kadiri hiyo, kwa hiyo mtu wa minara aulizwe kwanza. Chaguo B nisingelikubali kwa umbali huu isipokuwa kama kiungo cha ziada pembeni ya fiba, na C nisingelikubali kabisa.

Dishi zikishapandishwa, bajeti ndiyo inayosema kama kazi imekamilika. Kwa chaguo A la mita 1.2, kipokezi kilitakiwa kuonyesha dBm −40 mchana wa hewa iliyochanganyika vizuri, na kupishana kwa dB 2 au 3 ni jambo la kawaida. Kikionyesha karibu dBm −60 pande zote mbili, na kikawa kinaongezeka vizuri kidogo unaposogeza dishi kisha kinapungua tena, basi karibu hakika umeshika mwale wa pembeni badala ya ule mkuu. Endelea kuzungusha dishi kwa upana zaidi, ncha moja kwa wakati, mpaka uvuke bonde na kukuta kilele kilicho juu zaidi. Upungufu wa dB 25 hadi 30 ambao haubadiliki unapozungusha kwa kawaida ni ishara kwamba ncha moja imefungwa wima na nyingine mlalo. Kama upande mmoja unapokea sawa na bajeti na mwingine una upungufu, njia na antena hazina kosa, kwa kuwa zinapoteza kiasi kilekile kwenda na kurudi. Tafuta kwenye nguvu iliyowekwa ya redio inayotuma kuelekea upande wenye upungufu au kwenye kipokezi chenyewe. Na kama kiwango kinapokewa vizuri lakini makosa yanahesabika hewa ikiwa tulivu, zima kitumaji cha mbali kwa muda na usome kipokezi cha karibu: kikiendelea kuonyesha nguvu iliyo juu ya kiwango cha kelele, kuna mtu mwingine kwenye chaneli yako, na akiba uliyoiandika kwenye bajeti imekwisha kupunguzwa na yeye kabla mvua haijanyesha.

Baada ya hapo washa kumbukumbu za dakika 15 za kiwango cha chini na cha juu kinachopokewa, na uziache zikusanye mwezi mzima wa kaskazi tulivu na msimu mmoja wa masika. Kushuka kwa ghafla kabla ya mapambazuko kunakorudi haraka ni njia nyingi. Kushuka kwa pamoja pande zote mbili kunakofuata wingu ni mvua. Na kiwango kinachoteremka polepole baada ya kila mvua bila kurudi kilipokuwa ni maji yaliyoingia kwenye kiunganishi cha bomba la mawimbi, ambayo hayatatibiwa na akiba ya desibeli yoyote bali na mtu wa kupanda mnara mwenye kifungio kipya.